Deni Lililolipwa na Riba Isiyokoma: Barua ya Kuandika Siku ya Rejesho la Mwisho

Mkopo huisha mara mbili. Huisha siku mkopaji anapotoa rejesho la mwisho, na huisha tena siku mkopeshaji anapoandika kwenye karatasi yenye muhuri kwamba hadai tena. Wengi wetu tunaishia kwenye siku ile ya kwanza. Tunatunza ujumbe wa muamala kwenye simu, tunamshukuru Mungu, tunarudi shambani. Kati ya siku hizo mbili pana nafasi, na humo ndimo riba na faini zinapoota bila mtu kujua, mpaka siku afisa mikopo anapopiga simu kutaja kiasi ambacho mkopaji hajawahi kukisikia.

Naandika nikiwafikiria watu wa Kamsamba, kule bondeni ambako mto Momba unaelekea ziwa Rukwa, kwa sababu mazingira yao yanaifanya nafasi hiyo kuwa pana kuliko ya mtu wa mjini. Fedha ya Kamsamba ni ya msimu. Mpunga ukivunwa watu wana kitu mkononi, na mvua zikianza wanakopa. Mkopeshaji mara nyingi yuko Tunduma, na kumfuata ni nauli na siku nzima ya kazi. Rejesho linatumwa kwa simu kupitia wakala, na wakala naye kuna siku hana floti. Mkopaji na daftari la mkopeshaji hawaonani miezi sita, na kosa lililoingia mwezi wa tatu linagunduliwa mwezi wa tisa, likiwa limeshazaa.

Ninachodai hapa ni kimoja. Barua ya kuomba uthibitisho wa kumaliza mkopo iandikwe wiki ileile ya rejesho la mwisho, na isiombe neno la jumla kwamba mkopo umeisha. Iombe hesabu: kila rejesho lilipokelewa tarehe gani, na likagawanywa vipi kati ya mtaji, riba na faini. Mkopaji anayeomba neno la jumla hujibiwa kwa neno la jumla, kwamba bado anadaiwa. Anayeomba mgawanyo anamlazimisha mkopeshaji kuonyesha mahali deni lilipozaliwa.

Nichukue mfano. Mkopaji huyu nimemtunga, ila hesabu yake ni ya aina inayowakuta watu kila msimu. Mama ananunua mpunga Kamsamba, anaukoboa na kuuza mchele Tunduma. Tarehe 5 Septemba 2024 amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi sita, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo kiwango cha juu ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wanaokopesha bila kupokea amana za wateja. Riba inakokotolewa juu ya mtaji wote wa mwanzo, kwa hiyo ni 42,000 kila mwezi, jumla 252,000. Anatakiwa kurejesha 1,452,000 kwa mafungu sita ya 242,000, kila tarehe 5. Mkataba unasema kila siku ya kuchelewa ina faini ya 5,000.

Rejesho la Oktoba na la Novemba yamefika kwa wakati. La Desemba limefika tarehe 8, kwa sababu wakala hakuwa na floti, na mvua ilizuia safari ya kwenda kwa wakala mwingine. Siku tatu, faini 15,000. Hakuna aliyempigia simu kumwambia. Yeye amelipa 242,000, na kwa hesabu yake mwezi huo umekwisha.

Tarehe 5 Januari analipa 242,000 kama kawaida. Lakini kwenye mfumo wa mkopeshaji malipo yanaanza kukata faini, inafuata riba, kisha mtaji. Shilingi 15,000 zinakwenda kwenye faini ya Desemba. Zilizobaki 227,000 hazitoshi rejesho la Januari, zimepungua 15,000. Rejesho hilo sasa linahesabika kuwa halijakamilika, na faini ya 5,000 kwa siku inaanza kukimbia. Mpaka tarehe 5 Februari ni siku 31, sawa na 155,000. Faini imekuwa zaidi ya mara kumi ya upungufu wenyewe.

Februari analeta tena 242,000. Faini inachukua 155,000, upungufu wa Januari unachukua 15,000, na 72,000 tu ndizo zinazogusa rejesho la Februari, ambalo linapungua 170,000. Siku 28 nyingine zinapita, faini 140,000. Tarehe 5 Machi 2025 analipa fungu la sita na la mwisho, 242,000. Faini inachukua 140,000, na 102,000 zinazobaki zinaingia kwenye upungufu wa Februari bila kuumaliza. Rejesho la Machi halijaguswa kabisa.

Jumla ya alicholipa ni 1,452,000, sawasawa na mkataba. Jumla ya kilichokatwa kwa faini ni 310,000. Kwa hiyo siku anayodhani amemaliza, mfumo unasema anadaiwa 310,000 ya mkopo, kana kwamba fungu zima na zaidi hakuwahi kulileta. Na kwa kuwa mkopo haujafungwa, faini inaendelea 5,000 kwa siku, na baadhi ya wakopeshaji huongeza na riba ya mwezi, 42,000, ingawa miezi sita ya mkataba imeshapita. Mpunga unapovunwa na simu kupigwa tarehe 5 Juni, zimepita siku 92. Faini mpya ni 460,000, riba ya miezi mitatu ni 126,000, na ile 310,000 ipo palepale. Anaambiwa anadaiwa 896,000. Mzizi wake ni siku tatu za Desemba.

Mkopaji anaposikia 896,000, kitu cha kwanza kinachomjia ni kwamba ameibiwa, na kitu cha kwanza anachosema ni kwamba hadaiwi hata senti. Hapo ndipo anapopoteza ugomvi ambao angeushinda. Kwa mkataba aliousaini anaweza kuwa anadaiwa 15,000 za siku tatu. Akikana zote, afisa atamwonyesha tarehe 8 Desemba kwenye skrini, na mazungumzo yataishia hapo. Akikubali kwamba 15,000 ndizo zinazojadiliwa na kuuliza 881,000 nyingine zimetoka wapi, afisa lazima afungue mgawanyo, na ndani ya mgawanyo kila kitu kinaonekana.

Dalili ya tatizo hili inaweza kutambulika mapema. Ukiomba salio katikati ya mkopo, likawa limeshuka kwa kiasi kidogo kuliko rejesho ulilotoa, kuna kitu kimekata njiani. Katika mfano wetu, mama angeuliza salio tarehe 5 Februari baada ya kulipa angeambiwa deni lililobaki ni 412,000, wakati kwa mkataba lilipaswa kuwa 242,000, fungu moja tu. Tofauti ya 170,000 ingemwambia miezi minne kabla ya ile simu ya Juni.

Zipo sababu nyingine za riba kuendelea, na si zote zina hila. Malipo kwa simu huweza kupokelewa bila namba sahihi ya kumbukumbu, fedha zikakaa kwenye akaunti ya mkopeshaji bila kuingizwa kwenye mkopo wako. Rejesho lililotumwa jioni ya Ijumaa huweza kuandikwa Jumatatu. Mkopaji akikata ada ya kutuma ndani ya 242,000 badala ya kuiongeza juu yake, rejesho linafika pungufu kwa shilingi chache, na mfumo hauangalii ukubwa wa upungufu, unaangalia tu kwamba upo. Pia, mkopo ambao riba yake inakokotolewa kwa siku juu ya salio linalopungua unampa mkopeshaji haki ya kudai riba ndogo ya zile siku chache ulizochelewa fungu la mwisho. Mkopeshaji mwaminifu atakupa kiasi hicho pamoja na tarehe, ukilipe, mkopo ufungwe.

Walimu na wauguzi wa Kamsamba wanaujua mchezo huu wa hesabu kwa mlango mwingine. Kwa miaka mingi Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilitoza asilimia 6 kwa mwaka kulinda thamani ya mkopo. Mwalimu aliyedaiwa 8,000,000 aliongezewa 480,000 kwa mwaka. Kama mshahara wake ulikuwa 500,000 na makato ni asilimia 8, kiwango kilichotumika kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 kukipandisha hadi asilimia 15, alikatwa 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Alilipa mwaka mzima na deni likabaki palepale. Tozo hiyo ilikuja kuondolewa baada ya tamko la Rais Samia Suluhu Hassan kwenye sherehe za Mei Mosi ya mwaka 2021, Mwanza. Nimeileta hapa kwa sababu malalamiko ya namna hiyo hupata nguvu pale watu wanapoomba taarifa zao za mkopo na kuziweka mezani. Mtu asiye na taarifa hulalamika kwamba makato ni makubwa. Mwenye taarifa huonyesha safu ya tozo na kuuliza deni litaisha lini.

Sasa barua yenyewe. Naiweka hapa kama ingeandikwa na yule mama, katika mtindo wetu wa barua za kiofisi, ili anayetaka kuinakili aweze.

"Meneja wa Tawi, Tunduma. 10 Machi 2025.

Yah: Ombi la taarifa ya kufunga mkopo na barua ya kumaliza deni.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkopaji wenu kwa mkataba wa tarehe 5 Septemba 2024, mkopo namba ______, wa shilingi 1,200,000 kwa miezi sita. Kwa mujibu wa mkataba nilitakiwa kurejesha jumla ya shilingi 1,452,000. Nimerejesha kiasi hicho chote kwa mafungu sita, la mwisho tarehe 5 Machi 2025. Orodha ya malipo, tarehe zake na namba za miamala nimeiambatisha.

Naomba mnipatie kwa maandishi: taarifa ya mkopo tangu siku ya kwanza hadi leo, ikionyesha kila malipo mliyopokea, tarehe mliyoyaandika, na kiasi kilichoingizwa kwenye mtaji, kwenye riba na kwenye faini au ada, kifungu cha mkataba kinachoruhusu kila faini au ada iliyotozwa, na salio la mkopo kufikia tarehe 5 Machi 2025.

Natambua kwamba rejesho la Desemba lilipokelewa tarehe 8 badala ya tarehe 5. Kama kuna faini ya siku hizo tatu kwa mujibu wa mkataba, naomba nijulishwe kiasi chake nikilipe. Sikubali kutozwa faini au riba iliyotokana na faini hiyo kukatwa kwenye marejesho yaliyofuata bila mimi kujulishwa, wala riba yoyote baada ya muda wa mkataba kwisha.

Naomba pia barua ya kumaliza deni yenye tarehe na muhuri, na kurejeshewa dhamana nilizokabidhi, ambazo ni kadi ya pikipiki namba ______, hati ya hakimiliki ya kimila namba ______, na mkataba wa mauziano ya shamba niliousaini siku ya kuchukua mkopo.

Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14. Wako mtiifu."

Angalia kwanza kwamba barua inaweka tarehe ya mwisho, 5 Machi, na kuomba salio la tarehe hiyo. Ukiomba salio la leo utapewa la leo, likiwa na faini za jana. Ukiomba la siku uliyotoa fungu la mwisho, kila kilichoongezwa baadaye kinajitenga chenyewe na kuhitaji maelezo yake.

Aya inayotambua siku tatu za Desemba ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na najua kuna watakaoshauri iondolewe. Mimi naona ibaki. Inaonyesha kwamba mwandishi amehesabu. Inafanya deni linalobishaniwa liwe la faini juu ya faini, na huko ndiko mkopeshaji ana miguu dhaifu. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 74 inasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa pale unapovunjwa, aliyeumizwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Maana yake mahakama hailazimiki kutoa kiasi chote kilichoandikwa. Hakimu anaweza kuuliza mkopeshaji aliumia kiasi gani kwa 15,000 kuchelewa siku 31, na ni vigumu mtu mzima kujibu kwamba aliumia 155,000.

Halafu ule mkataba wa mauziano. Hili linawaumiza watu wa vijijini kuliko riba yenyewe. Siku ya kuchukua mkopo, mkopaji anawekewa karatasi mbili: moja ya mkopo, nyingine inayosema amemuuzia mkopeshaji shamba, nyumba au pikipiki kwa bei fulani. Anaambiwa ni utaratibu tu. Mkopo ukiisha, karatasi ya mauziano inabaki kwenye droo ya mtu mwingine. Barua isiyoitaja kwa jina inaiacha hai. Mbozi, wilaya ambayo Wilaya ya Momba, iliyo na Kamsamba, ilikatwa kutoka kwake mwaka 2012, ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kutolewa hati za hakimiliki za kimila, kwa hiyo wapo watu huku ambao hati zao zimezunguka kwenye mikopo kwa muda mrefu. Kila hati iliyowekwa dhamana iandikwe kwenye barua kwa namba yake, na irudi mkononi kwa saini.

Barua ichapwe au iandikwe kwa mkono nakala mbili. Moja inabaki ofisini kwa mkopeshaji, nyingine inasainiwa na kupigwa muhuri wa kupokelewa, na mkopaji anarudi nayo. Mhudumu akikataa kusaini, barua itumwe kwa posta kwa njia ya kusajiliwa na stakabadhi itunzwe, au ipelekwe mbele ya mtendaji wa kijiji ashuhudie. Picha ya barua ikitumwa pia kwa simu ya ofisi ni ushahidi unaofaa, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki mahakamani. Kwa sababu hiyohiyo usifute ujumbe wa miamala, na usiiamini simu peke yake: nakili namba za miamala kwenye daftari, kwa sababu simu huanguka mtoni na laini hupotea.

Wakati barua inasubiri jibu, lipo jambo moja la kujihadhari nalo. Afisa mikopo atapiga simu kwa upole: "Mama, weka hata elfu hamsini kwanza, mengine tutazungumza." Akizituma bila maneno, zitakuwa zimeingia kwenye deni lote linalobishaniwa, na baadaye itasemwa kwamba alilitambua deni na kuanza kulilipa. Akitaka kulipa zile 15,000 za Desemba, azitume na kuandika ujumbe papo hapo kwamba ni faini ya tarehe 5 hadi 8 Desemba 2024 na si zaidi. Kwa mwenye mikopo miwili, au aliyemdhamini mwenzake kwenye kikundi, sheria ya mikataba inamsaidia vilevile: mdaiwa mwenye madeni zaidi ya moja akitaja malipo ni ya deni lipi, mdai akiyapokea lazima ayaingize kwenye deni hilo.

Siku 14 zikipita bila jibu, au likija jibu la kiasi bila mgawanyo, mlango unaofuata unategemea mkopeshaji ni nani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne. Wa daraja la pili, zikiwamo kampuni za mikopo na watu binafsi wanaokopesha, wanapewa leseni na kusimamiwa na Benki Kuu, ambayo huchapisha orodha ya wenye leseni na ina dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha. Tawi la Benki Kuu lililo karibu na Songwe ni la Mbeya. Malalamiko yanakwenda huko na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa jambo la kwanza watakaloulizia ni kama ulimlalamikia kwanza mkopeshaji mwenyewe. Saccos zina msimamizi wake, ambaye ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi vya kijamii vinaangukia halmashauri; kwa Kamsamba ni ya Momba, makao yake Chitete.

Mkopeshaji asiye na leseni ni habari nyingine, na sitadanganya kwamba barua itamtisha. Kuna programu za simu zinazokopesha bila ofisi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikifanya hivyo bila kibali. Wapo pia wanaotoa mkopo wa kausha damu kwa daftari la mkononi, bila mkataba. Hata kwao, andika. Barua iliyopokelewa na shahidi inaweka tarehe ya kumaliza kulipa, na tarehe hiyo itahitajika kama shauri litafika Mahakama ya Mwanzo. Na itafaa siku mkopeshaji atakapokuja na mgambo. Deni ni shauri la madai. Hakuna mtu wa kuchukua pikipiki au magunia ya mpunga kwa neno la mdomo la anayedai, na mwenye karatasi inayoonyesha kwamba alilipa 1,452,000 ana kitu cha kumwonyesha mwenyekiti wa kitongoji kabla mali haijapakiwa. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huandika barua kama hizi bila malipo, na asiyejua kusoma asione haya kuwatafuta.

Ila sikubali mzigo wote huu ukae mgongoni mwa mkopaji. Kenya walitunga kinga kwa upande wa benki: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kinasema mkopo ukishakuwa mbaya, riba itakayodaiwa juu yake haiwezi kupita mtaji uliokuwa umebaki siku ulipokuwa mbaya. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliutumia ukomo huo katika shauri la Lee Muthoga dhidi ya Habib Zurich Finance. Ukomo wa namna hiyo ungemfaa mkopaji wa daraja la pili hapa kwetu, na ningependa uandikwe kwa namna ambayo faini pia inahesabiwa ndani yake, kwa sababu kwenye mikopo midogo faini ndiyo inayoua. Katika mfano wetu riba yote ya mkataba ilikuwa 252,000. Faini kufikia Juni ilikuwa 770,000. Kiwango cha asilimia 3.5 hakikuvunjwa hata mara moja katika miezi sita ya mkataba, na bado mtu aliangamia.

Ningependa pia Benki Kuu iwatake wakopeshaji watoe taarifa ya kufunga mkopo wenyewe, bila kuombwa, siku fungu la mwisho la ratiba linapoingia. Mfumo unaoweza kuhesabu 5,000 kila usiku wa manane unaweza kutuma ujumbe mmoja unaosema: mkopo wako ulipaswa kuisha leo, umebaki na 310,000, sababu ni hii, ukilipa kabla ya tarehe fulani utafungwa. Ujumbe huo ungeokoa 586,000.

Na likija jibu zuri, kazi bado haijaisha. Wakopeshaji wenye leseni hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzi ya taarifa za mikopo, na kampuni kama Creditinfo huziuza kwa benki. Mkopo uliofungwa kwenye daftari la Tunduma unaweza kubaki wazi kwenye kanzi hiyo, ukaonekana umechelewa siku 90, na msimu ujao mama akanyimwa mkopo wa benki wenye riba nafuu bila kuambiwa sababu. Kwa hiyo barua ya kumaliza deni ikifika, asome kama inataja namba ya mkopo, kiasi kilicholipwa, salio sifuri na tarehe 5 Machi 2025, kisha aandike mistari miwili ya nyongeza akimwomba mkopeshaji athibitishe kwamba taarifa imepelekwa kwenye kanzi ikiwa na tarehe hiyohiyo.